Asilimia 16 au chini ya 1? Uchambuzi wa zawadi katika laivu moja

Mwanamuziki mmoja hupiga kinanda laivu kwenye YouTube kila wiki kwa saa 2, na katikati ya nyimbo hujibu maswali ya watazamaji. Baada ya kipindi alichokiona kuwa bora kuliko vyote, aliandika mambo mawili: kwamba asilimia 16 ya watazamaji walitoa zawadi, na kwamba kilele cha wimbo wa mwisho ndicho kilichowafungua mikono. Kwa hiyo akapanga kuongeza nyimbo za aina ile na kupunguza maswali. Kisa hiki nimekiunda kwa mfano, na tarakimu zake ni za kufundishia. Lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayowapata wanaopima laivu kila siku, na huwezi kuyaona mpaka ushuke kwenye kumbukumbu ya gumzo, ujumbe mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na hiyo asilimia 16. Siku ile zilikuja zawadi 96, yaani Super Chat na Super Stickers, ujumbe na vibandiko vya kulipia, kwa pamoja. Watazamaji wa wakati mmoja walipofika kileleni walikuwa 610. Aligawanya 96 kwa 610 akapata asilimia 15.7. Hesabu yenyewe haina kosa. Shida ni kwamba juu ya mstari ameweka zawadi, chini yake ameweka watu, tena watu wa dakika moja tu ya kipindi kizima.

Kila ujumbe wa gumzo unaovutwa kwa API ya YouTube, njia ya programu kuomba data ya jukwaa, huja na `authorDetails.channelId` ya aliyeutuma. Ukizipanga zile zawadi 96 kwa namba hiyo, unakuta zimetoka kwa watu 38. Mmoja wao peke yake alituma 23, na kwa upande wa fedha mchango wake ulikaribia nusu ya makusanyo yote. Ndiyo maana wastani wa fedha kwa kila mtazamaji ni kipimo nisichokiamini hata kidogo kwenye laivu: mtu huyo akikosa wiki ijayo, wastani utaanguka ilhali hakuna mwingine aliyebadilisha tabia yake. Hesabu watu kwanza, fedha zije baadaye kwenye safu yake.

Sasa chini ya mstari. Waliopita kwenye laivu ile kwa muda wowote walikadiriwa kuwa watu 4,200, idadi iliyochukuliwa mara kipindi kilipokwisha, kabla watazamaji wa marudio hawajachanganyika nao. Watu 38 kati ya 4,200 ni asilimia 0.9. Upande mwingine, walioandika chochote kwenye gumzo walikuwa 310, na 38 kati ya 310 ni asilimia 12. Asilimia zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina swali lake. Ya kwanza inasema kati ya wote waliogusa mlango ni wangapi walitoa, na itashuka kila mara jukwaa litakapomletea wapita njia wengi wanaokaa sekunde 20. Ya pili inasema kati ya waliokwisha kushiriki ni wangapi walivuka hatua nyingine. Mimi huziandika zote mbili sambamba, kwa sababu ya kwanza ikishuka huku ya pili ikisimama palepale, kilichobadilika ni aina ya watu wanaoletwa, wala si kipindi chenyewe.

Kwenye uanachama wa kulipia wa chaneli kosa lilikuwa kubwa zaidi. Alihesabu "wanachama wapya 22" kwa kuhesabu visanduku vya taarifa za uanachama vilivyopita kwenye gumzo. Visanduku hivyo huchanganyika kirahisi machoni, lakini kwenye data kila kimoja kina aina yake katika `snippet.type`:

```
newSponsorEvent             amejiunga, au amepanda ngazi
memberMilestoneChatEvent    mwanachama wa zamani anatangaza miezi yake
membershipGiftingEvent      mtu amenunulia wengine uanachama
giftMembershipReceivedEvent mtu amepokea uanachama wa zawadi
```

Katika vile 22, 10 vilikuwa vya waliopokea uanachama ulionunuliwa na mtu mmoja, na 7 vilikuwa vya wanachama wa zamani wakisherehekea miezi yao. Vilibaki 5 vya `newSponsorEvent`, na kimojawapo kilikuwa na `isUpgrade` yenye thamani ya kweli, maana yake ni mwanachama aliyepanda ngazi. Waliojiunga upya kwa fedha zao wenyewe ni 4. Yule aliyewanunulia wenzake 10 anahesabiwa kama mtoaji wa zawadi, mtu mmoja, na wale 10 wanawekwa kando kabisa. Uanachama wa zawadi hudumu mwezi mmoja na haujirefushi wenyewe, hivyo bado hatujui kama kuna hata mmoja wao atakayelipa.

Majukwaa mengine yana mtego wao. Kwenye TikTok mtu akibonyeza zawadi ya waridi mara 5 mfululizo, programu nyingi za kusoma matukio hutoa taarifa kila kihesabu kinapopanda: 1, 2, 3, 4, 5. Ukijumlisha kila taarifa unapata mawaridi 15. Inayotakiwa ni ile ya mwisho ya mfululizo, basi.

Kilele kilichokuwa cha watu

Tuje kwenye wimbo wa mwisho. Dakika ya 100 hadi 110 zilikuja zawadi 15, nyingi kuliko dakika 10 nyingine zozote za kipindi. Mchoro ulipanda pale waziwazi, na mtu yeyote angesema wimbo umefanya kazi. Lakini dakika hizo ndizo zilizokuwa na watazamaji wengi kuliko zote, wastani wa 590 kwa wakati mmoja. Wakiwepo watu wengi, zawadi nyingi zitakuja hata kama kila mmoja yuko kama alivyokuwa.

Kinachotakiwa ni kugawanya kwa muda uliotazamwa. Mtu mmoja akitazama dakika moja, hiyo ni dakika-mtu 1. Watu 590 kwa dakika 10 ni dakika-mtu 5,900. Ili uipate lazima urekodi watazamaji wa wakati mmoja kila dakika wakati kipindi kinaendelea, kwa kuuliza `liveStreamingDetails.concurrentViewers`, kwa sababu jibu hilo hutolewa laivu ikiwa hewani tu. Ukisahau kurekodi, itabidi usome mchoro wa YouTube Studio kwa macho.

Kipindi kizima kilikuwa na wastani wa watazamaji 350 kwa dakika 120, yaani dakika-mtu 42,000. Zawadi 96 juu ya hizo ni 2.3 kwa kila dakika-mtu 1,000. Wimbo wa mwisho: 15 juu ya 5,900, yaani 2.5. Karibu sawa na kawaida ya siku nzima. Kilele kile kilikuwa cha watu. Kumbe dakika ya 40 hadi 50, alipokuwa akijibu maswali mbele ya watu 300 tu, zilikuja zawadi 13, ambazo ni 4.3 kwa dakika-mtu 1,000. Mchoro wa zawadi ulionyesha sehemu hiyo kuwa ya pili, na yeye ndiyo aliyotaka kuipunguza.

Saa ya mpigaji na saa ya mtazamaji

Kabla ya kusema tukio fulani limeleta zawadi fulani, saa zote mbili lazima zilingane. Anachokifanya mtangazaji sasa, mtazamaji atakiona baada ya sekunde kadhaa, na zinategemea mpangilio wa ucheleweshaji uliochaguliwa. Kisha mtazamaji anafungua alama ya fedha, anachagua kiasi, anaandika maneno yake, anathibitisha malipo. Wakati zawadi inaonekana, mtangazaji ameshahamia jambo jingine, na anayepima ovyo atalipa sifa jambo hilo la pili.

Ucheleweshaji hupimwa kirahisi. Mwanzoni mwa kipindi mtangazaji anainua mkono saa 20:05:00 kamili kwa saa ya kompyuta yake na kuwaomba watu waandike herufi moja wanapouona. Unachukua `publishedAt` ya herufi hizo, unakumbuka kwamba iko kwa saa za UTC, na unatafuta ya katikati. Katika kisa chetu ilikuwa 20:05:14. Sekunde 14 kwa kuona na kugusa herufi moja. Kwa kutoa zawadi ni zaidi. Kwa hiyo dirisha la kila tukio lilianza sekunde 20 baada ya tukio na kudumu dakika 3. Dirisha fupi mno linawakosa wanaoandika polepole. Refu mno linameza tukio linalofuata.

Jambo la pili la kurekebisha ni mfululizo. Yule wa zawadi 23 alituma nyingine tatu tatu ndani ya dakika moja. Huo ni uamuzi mmoja uliobonyezwa mara tatu. Zawadi za mtu yuleyule zilizofuatana kwa chini ya dakika 3 zikahesabiwa kuwa tendo moja, na zile 96 zikawa matendo 60. Kiwango kikuu kikawa matendo 1.4 kwa dakika-mtu 1,000.

Baada ya hapo kipindi kilitazamwa upya tangu mwanzo na kila tukio likaandikiwa saa, bila kuangalia zawadi. Hilo ninalisisitiza. Ukiwa na mchoro wa zawadi mbele yako, kila kilele utakitafutia sababu, nawe utaipata. Aina za matukio zilikuwa tatu. Miisho ya nyimbo kubwa, mara 6, ilikuwa na matendo 11 juu ya dakika-mtu 7,200, yaani 1.5. Maombi ya wazi ya kuchangia, mara 3, yalikuwa na matendo 6 juu ya 3,600, yaani 1.7. Na nyakati za kusoma jina la mtoaji na kumjibu swali lake, mara 5, zilikuwa na matendo 19 juu ya 5,100, yaani 3.7. Muda uliobaki ulikuwa na matendo 24 juu ya 26,100, yaani 0.9.

Maombi ya wazi sitayasemea zaidi. Matendo 6 ni machache mno. Mtu mmoja akiamka vibaya siku hiyo kiwango kinabadilika. Lakini kusoma majina kumezidi muda wa kawaida mara 4, na hapo ndipo wengi wangefunga daftari.

Kipi kilitangulia?

Mtangazaji hasomi jina hewani bila sababu. Analisoma kwa kuwa zawadi imekuja. Na zawadi huja kwa makundi: mmoja anatoa, alama ya rangi inasimama juu ya gumzo, wengine wanaiona na kutoa. Hivyo inawezekana kabisa wimbi lilikuwa limeshaanza, na kusoma majina kulitokea tu katikati yake.

Njia ya kuona hilo ni kuangalia dakika 3 zilizotangulia kila usomaji. Katika mara zile 5, dakika hizo zilikuwa na matendo 9 juu ya dakika-mtu 5,100, yaani 1.8. Ukiyatoa matendo hayo kwenye muda wa kawaida, kawaida yenyewe inabaki matendo 15 juu ya 21,000, yaani 0.7. Maana yake maji yalikuwa yameshapanda mara 2 na nusu kabla mdomo haujafunguliwa. Baada ya kusoma yalipanda tena, lakini kati ya matendo yale 19, 8 yalikuwa ya watu waliotoa muda mfupi uliotangulia, wakiendeleza mazungumzo yao na mtangazaji. Ya watu ambao hawakuwa wametoa siku hiyo yalikuwa 11.

Hapo kumbukumbu za kipindi kimoja zimefika mwisho wa uwezo wake. Huwezi kutenganisha wimbi na usomaji kwa kuendelea kukodolea data ile ile. Inabidi usomaji uondolewe kwenye maamuzi ya mtangazaji, ukabidhiwe bahati.

Zikatayarishwa kadi 36, 18 zenye neno "sasa" na 18 zenye neno "ngoja", zikachanganywa. Kwa vipindi 6 vilivyofuata, kila kipindi kilikuwa na nafasi 6. Zawadi ilipokuja baada ya utulivu, msaidizi alifunua kadi. "Sasa": jina linasomwa na swali linajibiwa papo hapo. "Ngoja": linasomwa dakika 10 baadaye. Kadi mpya haikufunuliwa mpaka dakika 15 zipite. Kilichohesabiwa ni watu waliotoa kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu ndio wanaoongeza idadi ya watoaji.

Ndani ya dakika 4 za kwanza, nafasi za "sasa" zilileta watoaji wapya 21, za "ngoja" 9. Kama kusoma majina hakuna maana yoyote, kila mmoja wa hao 30 angeangukia upande wowote kama sarafu inavyoanguka, na mgawanyo wa 21 kwa 9 au mbaya zaidi ungetokea takriban mara 4 katika 100. Si ushahidi wa chuma, lakini ni ushahidi. Kusoma jina papo hapo kunawasukuma watu kutoa.

Sasa hesabu dakika zote 15. "Sasa" ilifikisha 29. "Ngoja" ilifikisha 24, kwa sababu jina liliposomwa dakika ya 10, watu walitoa wakati huo. Tofauti ya 29 na 24 sarafu huitoa zaidi ya nusu ya nyakati. Kwa hiyo swali la "ni wakati gani unaochochea?" lina jibu: ni pale mtoaji anapotajwa na kujibiwa. Lakini swali la kama uchocheaji huo unaongeza idadi ya watoaji, au unawahamisha tu kutoka dakika ya 12 hadi ya 3, halijajibiwa na majaribio haya. Ni tofauti kubwa kwa mtu anayepanga kipindi. Kikiwa ni kuhamisha tu, hakuna haja ya kukatiza wimbo ili kusoma jina. Anaweza kuumaliza kwa utulivu, na zawadi zitamsubiri.

Mimi naelemea upande kwamba kuna nyongeza, ingawa ndogo, kwa sababu moja: wastani wa kutazama katika kipindi kile cha kwanza ulikuwa dakika 10 kwa mtu (dakika-mtu 42,000 kwa watu 4,200). Jina likicheleweshwa dakika 10, sehemu ya waliokuwa karibu kutoa watakuwa wameondoka. Hilo linapimika: angalia walioandika kwenye gumzo ndani ya dakika 2 baada ya kadi kufunuliwa, kisha uone ni wangapi kati yao walionekana tena kwenye gumzo baada ya dakika ya 10. Na kadi ziendelee. Ili tofauti kama ya 29 kwa 24 ijitokeze juu ya kelele ya bahati, watoaji wapya wanaotakiwa ni mamia kadhaa, yaani vipindi vya mwaka mzima au zaidi kwa kasi hii.

Kwa uanachama kadi hazifai. Wanachama wapya 4 kwa kipindi ni wachache mno kugawanywa kwa dakika, na wengine hujiunga siku isiyo na laivu, ambako gumzo halitawaonyesha kabisa. Hapo kinachofaa ni orodha ya wanachama ya YouTube Studio ilinganishwe na tarehe za vipindi, wiki baada ya wiki, kuona kama kujiunga kunajikusanya siku ya laivu na kesho yake. Na wale 10 waliopokea uanachama wa zawadi, namba zao zihifadhiwe tangu siku ile. Mwezi wao ukiisha, wanaorudi na kujiunga kwa fedha zao wataonekana kwenye orodha, na hapo ndipo yule aliyewanunulia atahesabiwa kuwa alileta wanachama wangapi.